Makosa ya Siku Kumi na Moja

Mama mdogo ana duka la nguo Nyamirambo, hapa Kigali. Anauza kanzu, abaya, mitandio, vitenge, mishanana ya harusi na nguo za watoto. Nyuma ya duka kuna chumba chenye cherehani mbili na mafundi wawili, na hapo ndipo zinaposhonwa kanzu za kupimwa, ambazo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na sehemu ya ada yangu ya chuo. Nilipomaliza sekondari aliniambia, "Wewe unajua kuandika na unajua simu. Duka liko kwenye WhatsApp na Instagram lakini limelala. Liamshe." Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yangu ya ajira.

Mwanzoni niliandika chochote siku yoyote. Ikiingia abaya mpya, naipiga picha na kuiweka. Kisha nikasikia kwa rafiki anayesoma biashara kuwa maduka makubwa hutengeneza kalenda ya maudhui, yaani jedwali linaloonyesha siku gani utachapisha nini, kwa picha ipi na maneno yapi, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Wazo likanipendeza. Duka letu linaishi kwa sikukuu: mwezi wa kufunga na Idi, kisha harusi za kiangazi kuanzia Juni, kisha mwanzo wa mwaka wa shule mwezi wa Septemba, kisha Noheli na Mwaka Mpya. Katikati kuna majuma ambayo Mama mdogo hukaa mlangoni akihesabu pikipiki. Duka la namna hiyo likikosa sikukuu moja, halina mwezi mwingine wa kulipia.

Kalenda yangu ya kwanza niliitengeneza mwanzoni mwa 2024, na naona aibu kueleza nilivyoitengeneza. Nilichukua daftari la mauzo la 2023. Humo Idi ya Mfungo ilikuwa imeandikwa tarehe 21 Aprili, na Mama mdogo alikuwa ameweka alama siku ambazo wateja walijaa: siku kumi za mwisho za Ramadhani, hasa tatu za mwisho kabisa. Nilijua kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja. Basi nikafanya hesabu ya kutoa. Kila kilichoandikwa 2023 nikakirudisha nyuma siku kumi na moja. Idi ikaangukia tarehe 10 Aprili, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Zile siku tatu za mwisho, ambazo nilizipangia video za shangwe, moja kila asubuhi, zikaangukia tarehe 7, 8 na 9 Aprili.

Msomaji wa Rwanda ameshaona. Kwa msomaji wa kwingine nieleze kwamba tarehe 7 Aprili ndiyo siku ambayo nchi yetu inaanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wiki nzima, hadi tarehe 13, ni wiki ya maombolezo. Hakuna harusi, hakuna muziki wa sherehe, watu huhudhuria mazungumzo mitaani kwao, na bendera hupepea nusu mlingoti. Kumbukumbu inaendelea kwa siku mia moja, lakini wiki hiyo ya kwanza ni nzito kuliko zote. Na 2024 ilikuwa ni mwaka wa thelathini.

Je, mimi sikujua? Nilijua, nimezaliwa hapa. Lakini katika jedwali langu sikuwa na tarehe za Aprili. Nilikuwa na "siku tatu kabla ya Idi", "siku mbili kabla ya Idi", "kesho ni Idi". Majina hayo yalifunika tarehe, nami nikapanga machapisho yajitoe yenyewe saa mbili asubuhi, nikarudi chuoni.

Jumapili ile ya tarehe 7 video ilijitoa yenyewe. Vijana wanne wa mtaani kwetu, kanzu nyeupe, dufu linapigwa, wanacheza, na maandishi makubwa: Zimebaki siku tatu! Mama mdogo alinipigia saa mbili na dakika arobaini. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, ondoa ile kitu. Ondoa sasa hivi, halafu njoo nyumbani."

Mlango wa pili kutoka dukani anaishi mama mmoja mzee tunayemwita Mukecuru, kwa heshima, kama wengi wanavyowaita wanawake wa umri wake. Ni mteja wetu wa miaka mingi. Kati ya ndugu zake saba alibaki yeye na mdogo wake mmoja. Asubuhi ile alikuwa amekaa na simu yake akisikiliza redio, akisubiri kuwashwa kwa mwenge wa kumbukumbu kule Gisozi, na stetasi ya duka letu ikapita mbele yake na dufu lake. Nilipokwenda kuomba radhi, nikiwa na Mama mdogo, nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Aliniuliza swali moja tu: "Hukuitazama tarehe?" Nikasema, "Sikuitazama, Mukecuru." Akasema sawa, akatukaribisha tukae. Tulikaa hapo mpaka adhuhuri.

Wiki ile hatukuchapisha kitu. Waliokwisha kulipia kanzu walikuja kuzichukua kimya kimya, Idi ikaswaliwa Jumatano tarehe 10, na jioni yake tuliweka salamu ya mstari mmoja bila picha wala sauti. Abaya ishirini na tatu zilibaki stoo. Lakini hasara ya abaya sikuihesabu sana, na Mama mdogo naye hakunitajia.

Alichofanya ni kusubiri mpaka Mei, akanunua karatasi kubwa ya manila, akaibandika ukutani chumba cha mafundi, akaniambia tuanze upya. Nikachukua kalamu niandike sikukuu. Akanizuia. "Anza na siku tusizouza."

Sasa ni mwaka wa pili tunafanya hivyo, na nitaeleza jinsi tulivyoipanga kalenda ya mfungo wa 2026, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ninaandika haya mwanzoni mwa Desemba 2025, na karatasi iko ukutani tayari.

Kwanza tuliziba kwa penseli ya kijivu wiki ya tarehe 7 hadi 13 Aprili. Mwaka huu unaokuja Idi haiigusi, lakini Pasaka inaikaribia sana: ni Jumapili tarehe 5 Aprili, na Jumatatu ya Pasaka ni tarehe 6. Kwa hiyo chapisho la mwisho la nguo za Pasaka ni Jumamosi tarehe 4, na Jumapili usiku naondoa kila chenye rangi ya sherehe juu ya ukurasa. Stetasi ya WhatsApp hufutika yenyewe baada ya saa ishirini na nne, lakini chapisho la Instagram hukaa. Mtu anaweza kulikuta Jumanne asubuhi, akadhani umeliweka siku ile. Kwa sababu hiyo maneno kama "zimebaki siku tatu" siku hizi nayaweka kwenye stetasi tu. Na hakuna chapisho linalojitoa lenyewe katika mwezi wa Aprili. Yote nayatoa kwa kidole changu, nikiwa nimeitazama tarehe.

Baada ya siku za kunyamaza tuliandika siku za pesa. Hapa ndipo nilipogundua kwamba ile hesabu ya kutoa siku kumi na moja ina kosa la pili, lisilo la kutisha lakini linaloweza kuua duka polepole. Idi inahama, mshahara hauhami. Wateja wetu wengi wanaofanya kazi za ofisi, ualimu na ulinzi hupata mshahara kati ya tarehe 25 na mwisho wa mwezi. Mwaka 2024 Idi ilikuja siku kama kumi baada ya mshahara wa Machi, pesa bado ipo. Mwaka 2025 ilikuja mwisho kabisa wa Machi, mshahara na Idi vikashikana mikono, tukauza vizuri mpaka nikaanza kujisifu kuwa nimeijua kazi. Haikuwa kalenda yangu. Ulikuwa mwezi.

Mwaka 2026 Idi inatarajiwa tarehe 20 au 21 Machi, yaani wiki moja kabla ya mshahara wa Machi. Mshahara ambao utanunua kanzu ya Idi ni wa Februari, nao utaingia kama tarehe 25, wakati mfungo una wiki moja tu, kwani Ramadhani inatarajiwa kuanza tarehe 18 au 19 Februari. Mtu aliye katika wiki ya kwanza ya mfungo bado hajaanza kufikiria nguo ya Idi. Anafikiria unga, sukari, tende na mafuta ya futari. Mazoea ya wateja yanasema tutangaze katika kumi la mwisho. Lakini katika kumi la mwisho, kuanzia kama tarehe 10 Machi, mfuko utakuwa mtupu.

Tulibishana juu ya hili siku mbili. Mimi nilitaka tupunguze bei mwishoni. Mama mdogo alikataa, akasema mtu asiye na pesa hanunui hata ukipunguza, na aliyenunua mapema kwa bei kamili atakuchukia. Tulichokubaliana ni kuipeleka shughuli yote mbele, kwenye siku kumi na mbili kati ya tarehe 25 Februari na tarehe 8 Machi, na kubadili maneno. Katika siku hizo hatusemi "nunua nguo ya Idi", kwa kuwa Idi bado iko mbali machoni pa mtu. Tunasema "pima sasa, lipa nusu, chukua kabla ya Idi." Nusu hiyo ya malipo ya awali inalipia kitambaa. Nusu ya pili mtu anaweza kuilipa hata kidogo kidogo kwa pesa za simu.

Kabla ya hapo, katika mwezi wa Shaabani, ambao unashika siku za mwisho za Januari na nusu ya kwanza ya Februari, hatuuzi kwa nguvu. Tunaonyesha tu: aina za kitambaa, tofauti ya kola ya duara na kola iliyosimama, kanzu ya darizi na isiyo na darizi, kila moja na bei yake. Nimewahi kuficha bei ili watu waulize. Waliuliza kweli, simu ikajaa, na walionunua walikuwa wachache. Tangu nianze kuandika bei, maswali yamepungua nusu na wanaokuja dukani wanakuja wakiwa wameamua. Najua hivyo kwa sababu kila mteja tunamuuliza, "Umeiona wapi?" na fundi anaweka kijiti kwenye daftari. Idadi ya walioitazama picha hainiambii kitu. Kijiti cha daftari kinaniambia.

Baada ya pesa tulihesabu mikono. Hili nilikuwa sijawahi kulifikiria kama sehemu ya kazi yangu, kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, na mafundi wako nyuma ya pazia. Lakini mwaka 2025 nilitangaza kanzu za kupimwa mpaka tarehe niliyoiandika, tukapokea oda nyingi kuliko cherehani, na watu kumi na wawili walipata kanzu zao baada ya Idi. Kanzu ya Idi inayofika kesho yake hata ikishonwa vizuri namna gani ni tusi.

Safari hii nilikaa na fundi mkubwa tukahesabu pamoja. Kila fundi anashona kanzu tatu kwa siku, zikiwa na darizi shingoni ni mbili, lakini tuchukue tatu. Wawili ni sita. Kuanzia Jumatano tarehe 25 Februari hadi Jumanne tarehe 17 Machi ni siku ishirini na moja. "Ondoa Ijumaa," alisema fundi, kwa kuwa Ijumaa kazi inasimama mchana. Ijumaa ni tatu, tukazihesabu nusu nusu. Kisha nikatazama karatasi ukutani nikaona tarehe 28 Februari ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo asubuhi nzima watu wako kwenye kazi za jamii na maduka yamefungwa. Nusu siku nyingine. Zikabaki siku kumi na tisa kamili, mara sita, kanzu mia moja na kumi na nne. Fundi akacheka. "Na zile za kurudi?" Kila mwaka kuna kanzu zinazorudi kufupishwa au kutanuliwa bega, na kuna watoto wa ndugu ambao huwezi kuwakatalia. Tukaweka kumi na nne kwa ajili hiyo. Zikabaki mia moja.

Kwa hiyo kwenye kalenda, mahali palipokuwa na tarehe ya kufunga oda, sasa pameandikwa namba: 100. Daftari likifika themanini naandika kwenye stetasi kwamba nafasi zimebaki ishirini, na ni kweli zimebaki ishirini. Likifika mia, hata kama ni tarehe 3 Machi, chapisho la kanzu za kupimwa linasimama na nafasi yake inachukuliwa na kanzu zilizo tayari, mitandio, kofia na nguo za watoto, vitu ambavyo havimsubiri fundi. Haya ndiyo yatakayobaki kutangazwa katika lile kumi la mwisho lisilo na pesa, na ni vitu vya bei ndogo, hivyo huenda mfuko ukavifikia.

Mwezi wenyewe nao una tabia yake. Idi haijulikani mpaka mwezi uonekane na viongozi wa Waislamu watangaze, na mara nyingi tangazo linakuja usiku. Maneno "kesho ni Idi" nimeyafuta kabisa kwenye kalenda. Salamu ya Idi ipo tayari kwenye simu, nakala moja tu, isiyo na tarehe, nayo inasubiri tangazo. Kisanduku cha Ijumaa tarehe 20 na cha Jumamosi tarehe 21 Machi vyote viwili nimeviandika kwa penseli. Na kwa sababu hiyohiyo, ahadi ya kumpa mtu kanzu inahesabiwa kwa tarehe ya mapema zaidi, siyo ya baadaye.

Saa pia hubadilika. Siku za kawaida tunachapisha mchana, watu wakiwa kwenye mapumziko ya kazi. Katika mfungo mchana umekufa. Jua likikaribia kuzama, kama saa kumi na mbili, hakuna anayetazama kanzu, macho yako kwenye uji. Watu wanarudi kwenye simu baada ya tarawehe, kama saa tatu usiku, na wengine wakati wa daku. Tuliwahi kujaribu kuchapisha saa kumi alfajiri na tukapata majibu mengi kuliko nilivyotarajia, lakini Mama mdogo alinikataza kuendelea. Alisema kuna saa ambayo mtu anataka kuwa na Mungu wake bila wewe. Sikubishana. Nimebisha mara moja juu ya mambo ya wakati na nakumbuka ilivyokwisha.

Picha tunazipiga Januari, kabla ya mfungo na kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei. Vijana wanaovaa kanzu zetu kwa picha ni wafungaji, na ukiwasimamisha juani saa tisa mchana wakiwa na swaumu, uso utasema ukweli hata kama kanzu inapendeza. Kuna na tatizo la weupe: simu huichoma kanzu nyeupe ikawa kama karatasi, mikunjo na darizi havionekani. Tunapiga asubuhi kati ya saa mbili na saa nne kwenye kivuli cha baraza, mbele ya ukuta wa bluu wa jirani, na kabla ya kupiga nagusa kanzu yenyewe kwenye kioo cha simu, siyo uso, ili mwanga upungue. Uso unakuwa mweusi kidogo, lakini sisi tunauza kanzu.

Mwisho wa mwaka ni rahisi zaidi kwa kuwa Noheli haihami, ingawa ina mtego wake. Wateja wetu wengi wa Noheli hawasherehekei Kigali, wanapanda mabasi Nyabugogo kwenda kwa wazazi mikoani. Mtu huyo kwake sikukuu inaanza siku ya safari, na kituo cha mabasi kinaanza kujaa siku tatu nne kabla. Nguo isiyokuwa ndani ya begi tarehe 22 Desemba haina kazi tena. Hivyo oda za kushona zinafungwa tarehe 16, na baada ya tarehe 22 tunawaandikia waliobaki mjini tu. Wazazi hununua nguo za watoto kwanza, mara tu mshahara wa Novemba unapoingia, kisha za mama, na baba kama kuna kilichobaki. Mpangilio wa machapisho unafuata hivyo hivyo: watoto wiki ya kwanza, vitenge vya akina mama wiki ya pili, mashati mwishoni. Baada ya tarehe 2 Januari ada ya muhula wa pili inakuja, na kwenye karatasi Januari nzima imeandikwa neno moja kwa mkono wa Mama mdogo: "Kimya." Ndiyo maana ni mwezi mzuri wa kupiga picha.

Siku moja nilimwonyesha kwamba mfungo unavyorudi nyuma, mwaka 2030 tutakuwa na Ramadhani mbili ndani ya mwaka mmoja, moja inaanza mwanzoni mwa Januari na nyingine siku moja baada ya Noheli, ile tarehe 26 Desemba au karibu yake. Futari na Mwaka Mpya duka moja, mafundi walewale wawili. Alikaa kimya, kisha akauliza cherehani ya tatu inauzwaje.

Wiki iliyopita Mukecuru alikuja dukani na kitenge chake mwenyewe, anataka mjukuu wake ashonewe gauni la Noheli. Aliikuta ile karatasi ukutani, akaisogelea, akavaa miwani. Alifuata mistari kwa kidole mpaka Aprili, akafika kwenye ile wiki ya kijivu isiyo na neno hata moja, kidole kikakaa hapo kidogo. Kisha akarudi Desemba, akaniuliza mwisho wa kupokea oda ni lini.

"Tarehe 16, Mukecuru."

"Leo ni ngapi?"

Nikamwambia. Akanipa kitenge, nikachukua vipimo vya mtoto, nikaandika jina lake kwenye daftari. Alikuwa wa thelathini na nne.